Barua ya kuomba kurekodi ndani ya duka likiwa wazi: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya yanawahusu wanaotengeneza filamu fupi na wanahitaji duka halisi, lenye bidhaa zake na wateja wake, badala ya seti ya kujengwa. Ili tusiongee hewani, nimechukua mfano mmoja na kubaki nao mwanzo hadi mwisho: duka la khanga na vitenge Kariakoo, Dar es Salaam. Kipande chenyewe kina ukurasa mmoja na nusu wa muswada. Binti anaingia kumnunulia mama yake doti ya khanga, na muuzaji anamkumbusha deni la zamani mbele ya watu. Waigizaji ni wawili, na timu ni watu wanne: mwongozaji, mpiga kamera, mtu wa sauti na msimamizi wa lokesheni.

Nimeshaongea na mwenye duka akakubali. Barua ya nini tena?

Kwa sababu siku ya kushuti, mwenye duka huenda asiwepo. Atakuwa bandarini anafuatilia mzigo, au msibani, au duka lake la pili. Anayekuwepo ni kijana wa kaunta, ambaye hajui lolote na anaogopa kufukuzwa kazi. Ukimwambia "bosi wako ameruhusu", atakujibu kwa adabu kwamba bosi hajamwambia, na simu ya bosi haipokelewi. Nakala ya barua yenye sahihi ya bosi ndiyo inayofungua kazi hapo.

Sababu ya pili ni kwamba mazungumzo hukubaliwa kwa maana mbili tofauti. Wewe umesema "tutarekodi kidogo", ukiwa na maana ya saa tatu, kamera juu ya stendi na mtu ameshika maiki yenye mti mrefu. Yeye amesikia simu ya mkononi na dakika tano. Mkikutana asubuhi ile kila mmoja anajiona amedanganywa, na hakuna aliyedanganya. Barua inalazimisha namba ziandikwe: watu wangapi, saa ngapi, vifaa gani.

Ya tatu ni ya baadaye. Kituo cha televisheni au tamasha likitaka filamu yako, linaweza kukuomba uthibitisho wa maandishi kwamba ulikuwa na ruhusa ya mahali uliporekodia. Kumrudia mtu miaka miwili baadaye kuomba sahihi ya jambo lililokwisha ni kazi ngumu, hasa kama duka limeshahama.

Hata hivyo mpangilio ni huu: mazungumzo kwanza, barua baadaye. Barua inayotua kaunta bila sura ya mtu hufunikiwa na risiti. Nenda dukani, msubiri amalize mteja, salimia vizuri, eleza kwa sentensi mbili, kisha sema utaleta barua. Ukirudi nayo kesho yake, tayari anakujua.

Barua inaandikwa kwa nani hasa?

Kwa mwenye biashara. Kariakoo hapo panahitaji uangalifu, kwa kuwa katika mlango mmoja unaweza kukuta watu watatu wenye mamlaka tofauti. Kuna mwenye jengo, kuna aliyekodi fremu na ndiye mwenye biashara, na kuna muuzaji aliyeajiriwa. Tena mbele ya mlango kuna machinga aliyepanga meza yake, ambaye si wa duka lakini atakuwa ndani ya fremu ya kamera kila mlango ukionekana.

Ruhusa ya kurekodi ndani ya duka anaitoa mwenye biashara. Ruhusa ya muuzaji haikulindi, hata akikubali kwa moyo mweupe. Ukitaka kuweka kamera kwenye korido ya jengo, ngazi au sehemu ya pamoja, hapo mwenye jengo au msimamizi wake anahusika, na mwenye duka hawezi kukupa kisicho chake. Muulize tu mwenye duka: "Hii korido nikisimama na kamera, ni nani wa kumwona?" Atakwambia. Na yule machinga zungumza naye mwenyewe, siku moja kabla, si asubuhi ileile.

Duka lililo ndani ya jumba kubwa la biashara au supamaketi yenye matawi ni habari nyingine. Huko meneja wa tawi kwa kawaida hana uwezo wa kuamua, barua inapelekwa makao makuu, na jibu huchukua muda mrefu. Mwenye filamu ya bajeti ndogo aanze na duka ambalo mwenyewe anapatikana.

Mwenye duka anaogopa nini? Mbona wengine wanakataa kabla sijamaliza kusalimia?

Hili ndilo swali kubwa kuliko yote, kwa sababu barua nzuri ni ile inayojibu hofu ambazo mwenye duka hatazitamka. Barua nyingi zinazokataliwa zimejaa habari za msanii: ndoto yake, tuzo anayolenga, ujumbe wa filamu kwa jamii. Mwenye duka anasoma akitafuta kitu kingine kabisa.

Kwanza anataka kujua wewe si mtu wa kodi wala mwandishi wa habari za uchunguzi. Kamera inayoingia dukani na kuelekea kaunta inamfanya afikirie mashine ya EFD na nani kapewa risiti. Mzee mmoja wa vitenge aliwahi kuniuliza waziwazi, "Mwanangu, hebu niambie ukweli, nyie ni TRA?" Nikacheka, yeye hakucheka. Ndiyo maana barua inapaswa kusema mapema kabisa kwamba hii ni hadithi ya kubuni, muuzaji wa kwenye hadithi ni mwigizaji, na mauzo halisi ya duka hayatarekodiwa.

Pili anaogopa kinachoonekana ukutani na mezani. Angalia kaunta yoyote ya Kariakoo kwa dakika moja: leseni ya biashara na cheti chenye namba ya TIN vimetundikwa kwenye fremu ya kioo, kibandiko cha lipa namba kimebandikwa pembeni, namba za simu za mawakala wa mizigo zimeandikwa kwa kalamu ya wino ukutani, na daftari la madeni liko wazi na majina ya watu. Kamera za siku hizi zinasoma yote hayo kutoka upande wa pili wa duka. Ahidi kwenye barua kwamba vitafunikwa au kuondolewa kabla ya kurekodi, na utaje daftari kwa jina. Akiona umelitaja daftari, anajua unazungumza naye kama mtu anayejua duka.

Tatu ni washindani. Wenye maduka ya vitenge hawapendi bei zao za jumla na miundo mipya iliyoingia juzi ionekane. Mruhusu achague rafu zipi zisionekane.

Nne ni wizi na uharibifu. Watu sita wageni na mabegi makubwa ndani ya chumba chembamba, huku muuzaji akishangaa uigizaji: hapo doti mbili zinaweza kuondoka na mtu aliyejifanya mteja. Ahadi yako iwe ya vitendo. Mabegi yatakaa nje ya eneo la bidhaa, na msimamizi wenu atasimama mlangoni muda wote bila kazi nyingine.

Tano, na hii ndiyo inayotamkwa, ni kupoteza mauzo. Tutaifikia kwenye malipo.

Niombe muda gani? Kipande chenyewe ni cha dakika mbili tu.

Omba saa tatu. Hesabu yake ni hii. Ukurasa mmoja na nusu wa mazungumzo kati ya watu wawili, ukiugawa kwa uangalifu, unatoa shoti sita: binti anaingia, sura ya muuzaji, sura ya binti, mikono ikikunjua khanga, wote wawili kwa pamoja, na binti akitoka. Kila shoti, ukijumlisha kuhamisha kamera, kusogeza taa, kurudia mara tatu au nne na kusimama mteja anapohudumiwa, inakula kama dakika 25. Mara sita ni dakika 150. Ongeza dakika 30 za kuingiza vitu na kuvitoa, umefika saa tatu.

Kishawishi cha kuandika "dakika 40" ili usimtishe ni kikubwa. Usifanye hivyo. Dakika ya 41 ikifika, muuzaji anaanza kuangalia saa, anaanza kuita wateja kwa sauti katikati ya mazungumzo, na shoti zako nne zilizobaki hazitapatikana. Kama saa tatu ni nyingi kwake, mwambie ukweli kwamba utapunguza shoti, na kweli upunguze. Shoti ya mikono na khanga inaweza kurekodiwa kwingine, juu ya meza yoyote yenye mbao inayofanana.

Siku gani na saa ngapi?

Muulize mwenyewe kabla ya kuandika, kwa swali hili: "Wateja wako wa jumla wanakuja saa ngapi?" Kariakoo inauzia mikoani na nchi jirani, na wanunuzi wa Zambia, Malawi au Kongo wana saa zao za kufunga mizigo. Duka moja limejaa saa mbili asubuhi, la jirani linapata watu saa nane mchana. Usikisie.

Kuna siku za kuepuka bila hata kuuliza: wiki mbili kabla ya Idi, Desemba kuelekea Krismasi, na mwisho wa mwezi. Ijumaa mchana mwenye duka Mwislamu anakwenda kuswali, wengine wanafunga kabisa, na kuomba saa hiyo kunaonyesha hukufikiri. Katikati ya wiki asubuhi mara nyingi ndiyo nafuu. Mwanga wa mlangoni pia unatulia zaidi asubuhi kwa maduka ambayo jua la mchana linayapiga usoni. Simama ndani ya duka saa ileile unayotaka kurekodi, siku moja kabla, uone.

Naomba mfano wa barua kamili.

Huu hapa. Ukurasa mmoja, umepigwa chapa, nakala mbili. Nimeacha nafasi za majina.

S.L.P. ......,
Dar es Salaam.
Simu: ......

Tarehe ......

Mmiliki,
Duka la ......,
Mtaa wa ......, Kariakoo,
Dar es Salaam.

Ndugu,

YAH: OMBI LA KUREKODI KIPANDE KIMOJA CHA FILAMU NDANI YA DUKA LAKO, JUMATANO TAREHE ......, SAA 2:00 HADI SAA 5:00 ASUBUHI

Tafadhali rejea mazungumzo yetu ya tarehe ...... dukani kwako.

Mimi ni mwongozaji wa filamu fupi ya hadithi ya kubuni iitwayo "......", yenye urefu wa dakika 15 hivi. Ndani yake binti anaingia duka la khanga kumnunulia mama yake doti moja, na muuzaji anamkumbusha deni la zamani. Kipande hicho ndicho ninachoomba kukirekodi kwako. Muuzaji huyo ataigizwa na mwigizaji wetu. Hamwakilishi wewe wala mfanyakazi wako. Mauzo yako halisi, risiti na fedha havitarekodiwa.

Tutakuwa watu sita, wakiwemo waigizaji wawili. Tutakuwa na kamera moja na stendi yake, maiki moja na taa moja ndogo. Vyote vinatumia betri, hatutahitaji umeme wako. Tutatumia upande wa kushoto wa kaunta pekee. Upande wa kulia na njia ya kuingilia vitabaki wazi kwa wateja, na kila anapohudumiwa mteja tutasimamisha kazi ukituomba.

Kabla ya kuanza, msimamizi wetu na mfanyakazi wako watafunika au kuondoa vyeti, lipa namba, namba za simu zilizo ukutani, daftari la madeni na rafu zozote ambazo hupendi zionekane. Mteja hataonyeshwa sura yake bila yeye mwenyewe kukubali. Tutabandika tangazo mlangoni, na atakayekataa hatarekodiwa.

Tunaomba kuzimiwa feni na redio kwa dakika chache kila tunaporekodi sauti, kisha ziwashwe tena.

Kwa usumbufu na mauzo yanayoweza kupungua, tutakulipa shilingi ...... kabla ya kuanza kazi. Kitu chochote kitakachochafuka, kuchanika au kupotea kwa sababu yetu tutakilipa siku hiyohiyo kwa bei yako ya rejareja. Tukizidisha saa 5:00, tutaondoka, isipokuwa wewe mwenyewe uturuhusu kuendelea.

Tunaomba ruhusa ya kuionyesha picha ya ndani ya duka lako katika filamu hii, kwenye matamasha, televisheni na mtandaoni, bila kikomo cha muda. Jina la duka litaonekana / halitaonekana (futa lisilohusika).

Nakala ya kibali chetu cha kurekodi filamu imeambatanishwa. Kama umekubali, tafadhali weka sahihi hapa chini katika nakala zote mbili, moja ubaki nayo.

Wako,
(sahihi)
......
Mwongozaji

NIMEKUBALI: Jina ...... Sahihi ...... Tarehe ...... Mhuri (kama upo)
Mtu wa dukani atakayesimamia siku hiyo: Jina ...... Simu ......

Kwa nini siku na saa vimewekwa kwenye kichwa cha barua?

Kwa sababu kichwa ndicho kinachosomwa na kila mtu, akiwemo kijana wa kaunta na mgambo wa jiji atakayepita. "Yah: Ombi la ruhusa" peke yake haimwambii mtu kitu. Mstari wa mwisho wenye jina la mtu wa dukani nao usiuache: unamlazimisha mwenye duka kumwambia mtu wake kabla ya siku yenyewe.

Kifungu cha kuonyesha mtandaoni "bila kikomo cha muda" wengi wanakiruka kwa aibu. Msomee mwenye duka kwa sauti. Mtu aliyekubali kurekodiwa kwa tamasha la chuo anaweza kukasirika kwa haki akiona duka lake YouTube, na kuondoa kipande kizima kwenye filamu iliyokwisha kutoka ni hasara yako.

Wateja wa kweli wanaoingia wakati tunarekodi nifanye nao nini?

Ruhusa ya mwenye duka inahusu duka lake. Hawezi kukubali kwa niaba ya mteja. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, na Kenya ina yake ya 2019. Picha ya mtu anayetambulika iko ndani ya kile ambacho sheria hizo zinalinda, kwa hiyo usitegemee hoja ya "alikuwa mahali pa wazi".

Kwa vitendo kuna njia mbili. Ya kwanza ni kupanga kamera isiangalie upande wa wateja kabisa. Kwenye barua hapo juu tumechukua upande wa kushoto wa kaunta, tukaelekeza kamera kwenye rafu, na wateja wakabaki nyuma ya kamera. Hiyo inaondoa tatizo kwa sehemu kubwa. Ya pili ni tangazo mlangoni, kwa herufi kubwa zinazosomeka kutoka barabarani:

"HAPA TUNAREKODI FILAMU LEO SAA 2 HADI SAA 5 ASUBUHI. DUKA LIKO WAZI, KARIBU. HUTAKI KUONEKANA? MWAMBIE ALIYESIMAMA MLANGONI."

Maneno "duka liko wazi" ni muhimu kwa mwenye duka kuliko kwako. Watu wakiona kamera wanadhani pamefungwa au pana tukio, wanapita kwa jirani.

Tangazo lenyewe halitoshi kwa mtu ambaye sura yake inaonekana vizuri. Huyo mfuate na fomu fupi ya ridhaa, au mkate kwenye uhariri. Mtoto asirekodiwe bila mzazi kuweka sahihi. Na katika duka la khanga kuna jambo moja la pekee: mama anaweza kuvua mtandio ili ajaribu khanga kichwani. Wakati huo kamera inashushwa, hata kama shoti ilikuwa inakwenda vizuri.

Bidhaa zinauzwa huku tunarekodi. Rafu ya nyuma inabadilika. Nifanyeje?

Hili linawakuta wote wanaoshuti duka likiwa wazi, na huonekana baadaye kwenye uhariri. Nyuma ya muuzaji kuna khanga nyekundu imening'inia. Kwenye shoti ya pili bado ipo. Kabla ya shoti ya tatu, mteja anaipenda, inashushwa, inauzwa. Ukiunganisha shoti hizo, khanga inatokea na kupotea katikati ya sentensi.

Usimwombe mwenye duka asiuze. Hilo ni kumwomba afunge. Chagua zile doti tatu au nne zinazoonekana nyuma ya vichwa vya waigizaji, na mkubaliane zisishushwe hadi saa tano. Kama zina wenzake stoo, hana shida: mteja atapewa ya stoo. Ile ambayo mwigizaji anaikunjua na kuishika inunue kabisa kabla ya kuanza. Itakunjwa vibaya, itashikwa na mikono yenye jasho na poda ya uso, na si haki kuirudisha rafuni. Piga picha ya rafu kwa simu kabla ya shoti ya kwanza, na uilinganishe kila unapohamisha kamera.

Soma pia majina ya khanga zilizo nyuma. Kipande chetu ni cha aibu ya deni. Nyuma ya kichwa cha binti anayelia ikiandikwa HONGERA BIBI HARUSI, watazamaji watacheka, na hawatakuwa na kosa.

Feni na redio lazima zizimwe?

Redio, ndiyo. Sababu moja ni ya uhariri: wimbo uliosikika nyuma ya shoti ya kwanza utaruka ovyo ukikata kwenda ya pili. Nyingine ni ya sheria: wimbo huo una mwenyewe, na Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 haibagui kama uliingia kwenye filamu kwa bahati mbaya. Mitandao ya video nayo huutambua wimbo yenyewe, ikazuia au kuchukua mapato ya video yako.

Feni ni mazungumzo. Dar es Salaam mwezi Januari, kuzima feni dakika 20 mfululizo ni mateso kwa muuzaji na inafukuza wateja. Omba dakika tatu au nne za kila mara, na uhakikishe mtu mmoja wa timu ndiye anayezima na kuwasha. Ukisahau kuiwasha mara mbili, mara ya tatu utaambiwa basi.

Kelele za nje, honi za bodaboda na spika ya jirani anayenadi viatu, hutazizuia. Rekodi dakika moja ya sauti tupu ya duka, kila mtu kanyamaza, ili mhariri apate cha kuzibia nafasi kati ya shoti. Hiyo dakika moja nayo iombwe. Watu huona ajabu timu nzima imesimama kimya bila kufanya kitu.

Nilipe kiasi gani?

Hakuna bei rasmi. Njia ya heshima ni kuanza na faida yake: muulize, asubuhi ya kawaida kama ile, kati ya saa mbili na saa tano, faida yake ni kiasi gani kwa kawaida. Si mauzo, faida. Tuseme anakwambia 60,000. Duka halijafungwa, upande mmoja wa kaunta unaendelea kuuza, kwa hiyo hasara halisi huenda ni nusu. Ukiweka 50,000 umefidia hasara na kuacha shukrani. Mpe muuzaji wa kaunta kitu chake pembeni, kwa kuwa ndiye anayebeba usumbufu na hana mgao katika hiyo 50,000. Mwenye duka ajue unampa.

Wapo watakaosema hawataki hela, wanataka jina la duka lionekane. Hilo ni zuri kwao, lakini fikiria hadithi yako: muuzaji wetu anamwaibisha mteja hadharani. Mwambie mwenye duka hivyo kabla hajaomba bango lake lionekane juu ya kichwa cha mtu huyo. Wengi wakielewa, wanabadili wenyewe na kuomba shukrani mwishoni mwa filamu.

Lipa kabla ya shoti ya kwanza, kwa lipa namba yake au taslimu kwa kuandikishana.

Barua ikikubaliwa, basi niko huru kurekodi?

Hapana. Barua ni ya mwenye duka tu. Tanzania Bara, kutengeneza filamu kunahitaji kibali cha Bodi ya Filamu chini ya Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza ya mwaka 1976. Zanzibar utakwenda kwa Baraza la Sanaa, Sensa ya Filamu na Utamaduni. Kenya ina sheria na leseni zake. Anza na kibali, kisha barua, kwa kuwa nakala ya kibali ndiyo inayomwondolea mwenye duka ile hofu ya kwanza.

Pitia pia ofisi ya serikali ya mtaa, umwonyeshe mtendaji barua na kibali. Kelele ikitokea, yeye ndiye anayepigiwa simu, na ni vizuri awe ameshakuona.

Amekaa kimya wiki nzima. Nimpigie tena?

Nenda, usipige. Simu ya mtu wa Kariakoo ina wateja na wadeni. Fika saa ambayo duka limetulia, na usiulize "umeamuaje?" Uliza, "Kuna sehemu ya barua haijakaa vizuri nirekebishe?" Mara nyingi ni jambo moja dogo, kwa mfano saa tatu ni nyingi, au hataki mtandaoni. Akisema "tutaona, Mungu akipenda" mara ya pili, ametoa jibu lake kwa upole. Mshukuru, utafute duka jingine, na usiende la pembeni yake ukisema jirani alikataa.

Ameweka sahihi, kisha katikati ya kazi anasema tutoke.

Mnatoka. Hata kama sahihi yake iko mfukoni mwako, duka ni lake na wateja wanaangalia. Zima kamera, toa vitu, kisha ongea naye nje, wewe peke yako. Mara nyingi chanzo ni kitu kimoja: mteja mkubwa kalalamika, au mmoja wenu kaegemea mtumba wa vitenge. Muulize kama unaweza kurudi kesho yake kwa saa moja kabla duka halijafunguliwa, ukamalize shoti mbili zilizobaki.

Kwa ajili ya siku kama hiyo, panga shoti zako kwa umuhimu. Shoti ya wote wawili kwa pamoja, yenye mazungumzo yote mwanzo hadi mwisho, irekodiwe ya kwanza. Ukifukuzwa saa nne kasoro robo, bado una kipande kinachoeleweka, na sura ya binti unaweza kuimalizia mbele ya khanga ulizonunua, ukizitundika kwenye ukuta wowote.